Kataa bei ya Kashikishi, usimkatae mwenye bei

Wafanyabiashara wanaovuka mipaka kufuata chisense wa Ziwa Mweru ni hodari wa kununua. Wanajua mashua zinaingia saa ngapi Kashikishi, wanajua ni nani anayepima kwa haki na ni nani anayesukuma gunia kwa goti. Kinachowashinda wengi ni kukataa. Wakitajiwa bei isiyowafaa husema, "Sawa mama, tutaongea," kisha simu haipokelewi wiki nzima. Wanadhani wamemkataa kwa adabu. Kwa mama aliyebaki ufukweni na magunia ishirini, hiyo si adabu hata kidogo.

Hoja yangu leo ni hii: katika biashara ya dagaa wa ziwa hili, jibu la "hapana" linalotoka mapema, likiwa na sababu inayopimika, humfunga muuzaji kwako kuliko "ndiyo" nyingi za kusuasua. Sizungumzii maneno matamu. Nazungumzia gramu, jua na mwezi.

Tuanze na kinachotokea upande wa anayetoa bei, maana wanunuzi wengi hawakioni. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Tunduma au Kasumbalesa anapouliza kwa simu, "Mama, gunia ngapi sasa?" anafikiri ameuliza swali la bure. Lakini muuzaji wa Kashikishi mara nyingi hana mzigo wote nyumbani kwake. Gunia hujazwa kidogo kidogo kutoka kwa mashua hii na ile. Huenda wavuvi wengine amewakopesha pesa za mafuta au za betri za taa ili samaki wao waje kwake. Akikutajia bei ya magunia ishirini, mara nyingi amekwisha kuwaambia watu watatu au wanne wasiuze kwingine. Kwa hiyo kila siku unayokaa kimya, yeye anawazuia watu kwa ajili yako.

Na chisense hawangoji. Ni samaki wadogo, wepesi kukauka na wepesi vilevile kuvuta unyevu. Gunia likikaa chumbani siku kadhaa za mawingu, samaki hulainika na harufu hubadilika. Wadudu wadogo wa samaki mkavu nao wakiingia, unakuta unga chini ya gunia badala ya samaki. Mama aliyekungoja siku saba anaweza kuuza mzigo uleule siku ya nane kwa bei ya hasara, na hatasahau ni kwa ajili ya nani. Safari ijayo utapewa kile ambacho watu wa ufukweni hukijua vizuri: bei ya mgeni.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika kukataa ni muda. Unapouliza bei, uliza papo hapo, "Bei hii inasimama mpaka lini?" Akikuambia mpaka kesho kutwa, basi jibu lako, liwe ndiyo au hapana, limfikie kabla ya kesho kutwa. Ukihitaji siku moja ya kupima sampuli, sema hivyo. Siku moja iliyosemwa haimuumizi mtu.

Sasa tuje kwenye sababu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu husema neno moja tu: "ghali". Neno hilo halimsaidii muuzaji. Hajui kama umepata kwingine kwa bei nafuu, au huna pesa, au unamjaribu tu. Mara nyingi hata mnunuzi mwenyewe hajui vizuri kwa nini bei haimfai, kwa sababu hajapiga hesabu yake mpaka mwisho.

Tupige pamoja kwa mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu. Wewe weka za siku yako. Tuseme mama wa Kashikishi anataka kwacha 2,000 kwa gunia la kilo 25, na ana magunia ishirini. Mnunuzi ni kijana anayeuza Kasumbalesa, upande wa Zambia, ambako wateja wake wengi wanatoka Kongo. Kule anauza kwacha 95 kwa kilo. Barabara ni ndefu: anashuka Mansa, anavuka Luapula pale Chembe kwenye daraja la Mwanawasa lililofunguliwa mwaka 2008, anakatiza ile sehemu ya Kongo inayoingia katikati ya Zambia, kisha anaingia Mkoa wa Shaba wa Zambia. Tuseme usafiri, ushuru wa soko na wapakiaji vinamla kwacha 210 kwa gunia. Ili safari iwe na maana, anataka abaki na angalau kwacha 100 kwa kila gunia.

Ukiangalia haraka, bei ya mama ni nzuri. Kilo 25 kwa kwacha 95 ni kwacha 2,375. Toa 2,000 za mama, toa 210 za njiani, zinabaki 165. Mnunuzi mwenye haraka angelipa na kupakia.

Lakini huyu alinunua kwanza kilo moja ya sampuli, akaianika kwenye jua la siku nzima juu ya wavu, akaipima tena jioni. Ikawa gramu 920. Maana yake gunia analouziwa kama kilo 25 litakuwa kama kilo 23 likimaliza kukauka, na litamalizia kukauka mikononi mwake, njiani na sokoni. Kilo 23 kwa kwacha 95 ni kwacha 2,185. Gharama zake ni 2,210. Anapoteza kwacha 25 kwa kila gunia, kwacha 500 kwa mzigo wote, na hapo hajala chakula njiani.

Angalia jinsi sababu ilivyobadilika. Bei ya 2,000 haina ubaya, ubaya uko kwenye maji. Kwa samaki aliyekauka barabara, 2,000 inamlipa vizuri. Kwa samaki wa leo, akitaka abakiwe na kwacha 100 zake, mwisho wake ni 1,875. Mnunuzi aliyefika hapa hana haja ya kusema "ghali". Ana mambo mawili ya kumwambia mama, na mama anaweza kuyafanyia kazi yote mawili.

Kwa wasio na mizani ya kupimia gramu, mkono unatosha kwa kuanzia. Shika konzi ya samaki ubane, kisha ufungue mkono. Wakavu hutawanyika, wabichi hubaki wameshikana. Kunja mmoja: mkavu huvunjika kwa mlio, asiyekauka hupinda kama uzi. Kisha tia konzi nyingine ndani ya ungo au beseni na utikise. Ziwa hili samaki wengi bado huanikwa juu ya mchanga, na mchanga una uzito kuliko dagaa. Ukiona umebaki chini ya beseni, jua umeuziwa ufukwe kwa bei ya samaki. Hilo nalo lisemwe kwa jina lake wakati wa kukataa, lisifichwe ndani ya "ghali".

Ujumbe wenyewe uweje? Wengi siku hizi hutuma sauti kwenye wasapu, na mimi naona sauti ni bora kuliko maandishi kwa jambo hili, kwa sababu mama atasikia kwamba huna hasira. Huyu kijana angeweza kusema hivi:

"Bamayo, shikamoo. Asante kwa bei na kwa kunishikia mzigo. Magunia haya ishirini sitayachukua safari hii. Ile kilo niliyonunua kwako niliianika jana, ikabaki gramu 920, kwa hiyo gunia lako litanifikia kama kilo 23, na kwa 2,000 sirudishi hata nauli. Kwa hali yao ya leo naweza 1,875. Wakianikwa tena mpaka gunia libaki kilo 25, nalipa 2,000 yako bila kukuomba upunguze. Ukipata mteja leo, muuzie, usizuie kitu kwa ajili yangu. Mimi nitakupigia Jumatatu, giza likishaanza."

Wala si ujumbe mrefu. Anamwita kwa heshima ya Kibemba, kama mtu wa pale angemwita mama wa umri wake. "Sitayachukua" imekuja mapema, kabla ya maelezo, ili asisikilize dakika mbili akiwa na matumaini. Kipimo kimetajwa, na mama anaweza kukirudia mwenyewe kwa samaki wake. Kisha kuna ile ruhusa ya kumuuzia mwingine, ambayo wanunuzi wengi huisahau. Sentensi hiyo ndiyo inayomfungua mama kutoka kwenye ahadi alizowapa wavuvi kwa ajili yako. Bila hiyo umekataa bei lakini bado umemfunga mzigo.

Mama naye ana hesabu yake. Akianika tena kilo 500 zake zitakuwa 460, yaani magunia kumi na nane na kidogo. Kwa 2,000 atapata kama 36,800, na jasho la kuanika ni lake. Akikubali 1,875 kwa magunia ishirini kama yalivyo, atapata 37,500. Anaweza kuchagua moja, au akaona kuna mteja wa kisiwani Kilwa au wa Pweto anayelipa 2,000 bila kupima, akamuuzia huyo. Yote ni sawa. Atakachokumbuka ni kwamba wewe ulimwekea njia mbili mezani na hukumdanganya kuhusu samaki wake.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia mara nyingi katika mabanda ya soko: ukimtajia muuzaji mwisho wako, umejivua nguo. Atajua unafika 1,875 na hatashuka tena chini ya hapo. Kuna ukweli ndani yake. Ndiyo maana simshauri mtu ataje faida yake, wala bei anayouzia Kasumbalesa, wala nauli yake. Hizo ni zako. Lakini bei unayoweza kulipa kwa samaki wa hali fulani si siri ya biashara. Ukiificha, utarudi kwenye mnada wa simu, leo 1,900, kesho 1,850, na kila simu inaongeza siku ambayo samaki wako chumbani. Ukitaka nafasi ya kubishana, taja 1,850 ukijua mwisho wako ni 1,875. Ila usitaje 1,500 kwa ajili ya kumshtua. Mtu anayeishi kwa samaki huyo anajua kwamba 1,500 ni tusi.

Kuna wengine hufanya jambo linaloonekana la huruma: wananunua magunia mawili kwa bei ya mama ili "wasimvunje moyo". Mimi siliungi mkono. Kwa hesabu yetu wamepoteza kwacha 50, kiasi kidogo, lakini wamemfundisha kwamba 2,000 kwa samaki mbichi inalipika, na mwezi ujao ataanzia hapo. Kama unataka kuonyesha nia njema, lipa ile kilo ya sampuli kwa bei yake kamili, kwacha 80, usiichukue kama bakshishi ya mteja mkubwa. Sampuli iliyolipiwa ni ishara ambayo muuzaji yeyote wa pwani ya ziwa anaielewa.

Na kwa jina la Mungu, usitumie bei yake kuwapigia wengine. Kashikishi na Nchelenge ni kama mji mmoja, na kambi za wavuvi ukingoni mwa ziwa husikilizana. Mnunuzi anayemwambia mama wa pili, "Fulani kanipa 2,000, wewe unipe ngapi?" amekwisha kumtangaza wa kwanza sokoni. Sema bei yako mwenyewe, usiseme bei ya jirani.

Nimetaja giza, na hapa inafaa nieleze, kwa sababu mwezi huingia katika kila bei ya chisense. Hawa samaki huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta, nyavu huwachota. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea ziwani kote, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya, na mavuno hushuka. Anayefanya kazi ya dagaa Mwanza au Kigoma analijua hili tangu utoto. Kwa hiyo bei unayotajiwa siku za mbalamwezi ni bei ya uhaba. Mara nyingi samaki wanaouzwa siku hizo ni mabaki yaliyokaa, au waliotolewa juani mapema kwa sababu wateja ni wengi kuliko mzigo, na ndiyo maana wanakuja na maji yao.

Ukijua hivyo, unaweza kukataa bei bila kumlaumu mtu: "Mama, bei hii ni ya mwezi, nami nina nafasi ya kungoja giza." Hakuna muuzaji wa ziwa hili atakayechukizwa na sentensi hiyo. Wewe na yeye mnazungumza jambo moja. Zaidi ya hapo, umejipa tarehe ya kurudi ambayo haitokani na kalenda ya ofisi bali inatokana na kazi yake. Siku chache baada ya mwezi mpevu mashua zinaanza kurudi na mzigo. Hapo ndipo upige simu, na upige wewe, usingoje akutafute.

Na ukipiga siku hiyo huku huna pesa? Piga vilevile. Sema, "Mama, niliahidi Jumatatu, nimepiga, wiki hii sinunui, soko la Kasumbalesa limejaa." Dakika moja ya simu hiyo inahifadhi kile ulichojenga kwa ujumbe wa kwanza. Anayeahidi tarehe na kuipita kimya amefanya vibaya kuliko yule ambaye hakuahidi kabisa. Kwa sababu hiyo, kama hujui utarudi lini, usitaje siku. Sema tu kwamba safari hii hapana, na uache hivyo.

Utajuaje kama mlango umebaki wazi? Mimi huangalia jambo dogo: bei ya pili inakujaje. Mama ambaye ulimkataa vizuri atakutumia bei ikiwa na maelezo ndani yake. Atakuambia, "Wamekauka siku mbili, wa wavu si wa mchanga, gunia 25." Ameshika kipimo chako na amekifanya lugha yenu. Mlango ukiwa umefungwa, bei huja kama namba tupu, au simu inapokelewa na mtoto kila mara, au unaambiwa mzigo umekwisha huku mwenzako aliye ufukweni anakuambia anaona magunia.

Kuna mzigo ambao usiukatae kwa kuacha mlango wazi. Mizani iliyochezewa ni mmoja. Mwingine ni samaki wa wakati wa marufuku. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru na Luapula yakiwemo, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Ukitajiwa bei nzuri katikati ya Januari kwa samaki waliovuliwa juzi, usijibu kwa gramu wala kwa giza, kwa sababu utakuwa unamwambia muuzaji kwamba tatizo ni bei tu. Mwambie samaki huyo hupokei. Na kwa yule mama wa Kashikishi unayetaka kubaki naye, ujumbe wa mwisho wa Novemba uwe wa namna yake: "Bamayo, mzigo wa mwisho umenipita kwa bei, haya ni ya Mungu. Sitakuuliza samaki Desemba wala Januari. Machi, giza la kwanza, nishikie magunia kumi, wakavu, na utaniambia bei wakati huo."

Kumi, si ishirini. Giza la kwanza la Machi kila mtu anarudi ziwani kwa pamoja, wanunuzi wamejaa ufukweni, na bei ya siku hizo hakuna anayeijua Novemba, hata mama mwenyewe.